Gauni linapompwaya mgeni: kuuliza saizi, rangi na bei kwa Kiswahili

"Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha Kiswahili wageni wanaozungumza Kiingereza hapa Arusha. Darasani wanafanya vizuri, lakini wakienda kununua nguo wanarudi wakilalamika kwamba wauzaji hawawaelewi, au wanawajibu kwa Kiingereza. Wananiomba karatasi yenye Kiingereza upande mmoja na Kiswahili upande wa pili: sentensi za kuuliza saizi, rangi na nguo ya bei nafuu. Niwaandikie nini?"

Marahaba, mwalimu. Karatasi ya pande mbili niliwahi kuiandika, nikaigawa kwa miaka kadhaa, kisha nikaiacha. Niliiacha siku niliyomsindikiza mwanafunzi wangu mmoja kutoka Kanada kwenda Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kutafuta gauni la harusi. Alijaribu la kwanza, likawa kubwa: mabega yameteremka, kiuno hakionekani. Akachungulia karatasi yangu, akamwambia muuzaji kwa matamshi mazuri kabisa, "Halinitoshi." Muuzaji akaitika, akaenda ndani, akarudi na gauni kubwa zaidi. Dada wa watu akalivaa, akasema tena, "Halinitoshi." Likaja la tatu, ambalo wangeingia watu wawili.

Muuzaji hakukosea. Aliambiwa mara mbili kwamba gauni ni dogo, akafanya kilichompasa. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha nguo kuafikiana na mwili, na ukikikanusha hujasema kama nguo imezidi au imepungua; msikilizaji anatazama mwenyewe. Kiswahili hakina kitenzi cha namna hiyo. Kutosha ni nguo kuwa na nafasi ya kuupokea mwili, kama vile chakula kinavyotosha watu watano. Kwa hiyo "hainitoshi" ina maana moja tu: ni ndogo. Nguo iliyo kubwa inakutosha, tena na kubaki. Mkasa huu huenda pia upande wa pili. Mswahili anayeingia dukani London akitafsiri neno kwa neno anamwambia mwenye duka kwamba suruali si ya kutosha kwake, na yule anabaki anajiuliza kama mteja anataka suruali mbili.

Ndiyo maana ningekushauri uanze na vitenzi vinavyosema nguo inaufanya nini mwili, kabla ya sentensi yoyote ya kuomba kitu. Ni vinne tu. Nguo ndogo inabana. Nguo kubwa inapwaya. Nguo ambayo mwili umeingia inatosha. Nguo iliyolingana na mwili imekaa. Tazama kwamba mtendaji ni nguo, na mtu anapachikwa katikati ya kitenzi: inanibana, linanipwaya, vinanitosha, limekukaa. Mzungumzaji wa Kiingereza hupenda kuanza na yeye mwenyewe, kwamba anahitaji kubwa zaidi, au kuuliza kama anaweza kupata ndogo zaidi. Mswahili anaanza na nguo, na ombi lenyewe mara nyingi halihitaji kutamkwa. Ukisema "linanibana kifuani", muuzaji ameshageuka kutafuta kubwa.

Waongezee sehemu za mwili zenye -ni mwishoni, maana ndizo zinazomwongoza muuzaji: kifuani, mabegani, kiunoni, mapajani, kwapani. "Inanibana mapajani" na "inanibana kiunoni" ni maombi mawili tofauti. La kwanza linadai mtindo mwingine wa suruali, la pili linadai namba inayofuata. Urefu una maneno yake: gauni linaburuza, suruali ni fupi, mikono ni mirefu. Baada ya hapo ndipo swali linapokuja, na linakuja fupi: "Lipo kubwa kidogo kuliko hili?" au "Ipo ndogo yake?" Mwanafunzi anayeweza kusema "Linanipwaya kiunoni, lipo dogo kidogo?" hahitaji karatasi.

Kuhusu neno saizi lenyewe, lipo na linatumika kila duka, ila lina wenzake. Kwa viatu watu husema namba: "Unavaa namba ngapi?" Kwa suruali muuzaji huuliza kiuno: "Kiuno ngapi?", naye anatarajia inchi, 32 au 34. Kwa fulana na mashati utasikia smoli, midiamu, laji na eksieli, na mgeni akitamka hivyo hivyo ataeleweka haraka kuliko akisema "saizi ya kati". Kwenye mitumba mambo ni magumu zaidi, kwa sababu nguo zimetoka nchi mbalimbali na lebo zake hazisemi lugha moja. Gauni lenye namba 8 ya Marekani linakaribiana na 12 ya Uingereza, na kiatu namba 8 cha Uingereza kinakaribiana na 42 ya Ulaya. Mgeni anayetaja namba ya kwao kwenye soko la Kilombero au la Karume anaweza kuletewa kitu ambacho hakitarajii kabisa, ingawa ametamka sawasawa. Sentensi inayomwokoa ni hii: "Niangalizie inayonitosha." Wauzaji wa mitumba wana jicho la kupima mwili ambalo limezoea kazi hiyo siku nzima. Akishaletewa aseme, "Naomba nijaribu." Anayesema "Naomba nipime" anaeleweka vilevile.

Sasa rangi. Hapa kosa si la maana, ni la ujenzi. Kiingereza huiweka nguo ndani ya rangi na ndani ya saizi kwa kihusishi, na wanafunzi hulihamisha hilo moja kwa moja: "Naweza kupata hii katika nyekundu?" Kila neno ni la Kiswahili, lakini hakuna Mswahili aliyewahi kuuliza hivyo, na hapo ndipo muuzaji anapoamua kumjibu kwa Kiingereza. Si kwamba hakuelewa, bali anaona atamrahisishia mteja. Swali letu linauliza kama kitu kipo: "Kama hili, jekundu lipo?" Au kama nguo iko mkononi na wote wanaiona: "Jekundu lipo?" Akiwa hana rangi maalumu akilini: "Rangi nyingine zipo?" Hiyo -po ndogo inabeba kazi yote ambayo Kiingereza huigawa kwa maneno manne au matano. Ningewafundisha lipo, ipo, vipo na zipo kama wimbo, kabla ya "una" na "unayo", kwa sababu "una" huwaingiza kwenye unalo, unavyo na unazo kabla hawajawa tayari.

Rangi zinazobadilika kufuata jina la nguo ni tatu peke yake: -eupe, -eusi na -ekundu. Shati jeupe, mashati meupe, suruali nyeusi, viatu vyeusi, mkanda mweusi, gauni jekundu. Nyingine zote haziguswi, na nyingi ni majina ya vitu vilivyokopeshwa kuwa rangi. Kijani imetokana na jani, kijivu na jivu, kahawia na kahawa, zambarau ni tunda lake, na njano ni ile ile ya bizari ya manjano. Kwa kuwa ni majina, zinaunganishwa na nguo kwa -a: shati la kijani, suruali ya bluu, viatu vya kahawia, magauni ya njano. Wanafunzi wangu hupumua wakigundua kwamba mzigo ni wa maneno matatu tu.

Kuna rangi moja ambayo mara nyingi haimo kwenye vitabu vya wageni na ambayo ningeifundisha wiki ya kwanza: damu ya mzee. Ndilo jina ambalo watu hutumia kwa ile nyekundu nzito inayokaribia kuwa kahawia, na mgeni akilisema muuzaji huchangamka papo hapo. Kwa rangi nzito na nyepesi, mgeni hutafuta maneno ya giza na mwanga kwa sababu ndivyo lugha yake inavyogawa. Sisi tunasema iliyokoza au iliyokolea, na iliyopauka: bluu iliyokoza, kijani kilichopauka. Bluu bahari nayo inajitegemea. Angalizo dogo kuhusu kupauka: likiambatana na jina la rangi ni sifa ya rangi, lakini "nguo imepauka" ni lawama, maana yake imechuja kwa jua au kwa kufuliwa.

Niseme wazi ni wapi usiwabane. Muuzaji wa Dar es Salaam ataelewa "shati nyeusi" bila shida, na wa Gikomba, Nairobi, huenda mwenyewe akasema "hii shati". Upatanisho ukikosewa hauharibu biashara. "Halinitoshi" ikikosewa inaharibu. Kwa hiyo ukiwa na saa mbili tu za somo hili, saa moja nzima iende kwenye kubana na kupwaya.

Bei ndiko ambako karatasi ya pande mbili hudanganya zaidi, kwa sababu kuna maombi mawili ambayo mgeni huyachanganya. Moja ni kutaka nguo nyingine isiyo ghali kama hii. Jingine ni kutaka hii hii kwa fedha kidogo. Wanafunzi wengi hujifunza neno rahisi, wakauliza, "Una rahisi zaidi?" Neno hilo lina maana ya bei ndogo, lakini pia ni kinyume cha gumu, na likisimama peke yake bila bei linaning'inia. Akitaka nguo nyingine aseme, "Ipo ya bei ya chini kuliko hii?" au "Nionyeshe ya bei nafuu." Muuzaji ataelewa kwamba hii ameiacha, naye ataishusha nyingine. Kama bado anaitaka hii, asiguse sentensi hiyo kabisa, maana ameshajitoa kwenye mazungumzo ya nguo aliyoipenda.

Akitaka hii hii, neno ni moja: nipunguzie. Hapa kuna herufi moja ya kuangaliwa. Nipunguze ni kunipunguza mimi, mwili wangu. Nipunguzie ni kunipunguzia mimi bei. Ile -i- inayoingia kabla ya mwisho ndiyo inayosema jambo linafanyika kwa ajili yangu, na kwa maoni yangu ndiyo adabu kubwa kuliko zote sokoni. Wageni huniuliza neno la kuomba kwa upole liko wapi, kwa kuwa lao hulitia kila sentensi. Nawaambia liko ndani ya kitenzi: nishushie lile, niangalizie saizi yangu, nitafutie jekundu, nipunguzie kidogo, nifungie. Mbele yake waweke "naomba" ikiwa wanaongea na mtu mzima, au kama ni ombi la kwanza. "Unaweza" ya kila mara, ile ya kuuliza kama mtu ana uwezo wa kupunguza, waiache. Jibu lake la kweli ni "naweza, lakini sitaki".

Mwanafunzi ajue pia kwamba kupunguza hufanywa na fundi cherehani. Gauni likikosekana la saizi yake, anaweza kununua lililozidi kidogo akalipeleka kwa fundi, na kule "nipunguzie kiunoni" ni kazi ya sindano, haihusu fedha. Nyuma ya maduka mengi ya Kariakoo na kando ya mitumba mafundi wapo hatua chache, kwa hiyo maana hizo mbili za nipunguzie hukutana katika asubuhi moja. Nguo inayobana ni ngumu zaidi: fundi anaweza kuiachia tu kama ndani ya mshono kimebaki kitambaa. Waonyeshe waugeuze mshono kabla ya kulipa.

Nikirudi kwa yule dada wa Kanada, wiki mbili baadaye alikwenda tena, safari hii bila karatasi, nami nikakaa kimya pembeni. Niliyaandika mazungumzo jioni ile kwa sababu niliyataka yawe somo. Alianza na salamu, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya:

"Kaka, habari za biashara?"

"Nzuri, dada. Karibu sana."

"Asante. Naomba unishushie lile la bluu, lile pale juu."

"Hili?"

"Hapana, linalofuata, lenye mikono mirefu."

Akalijaribu nyuma ya pazia, akatoka. "Linanipwaya kiunoni. Lipo dogo kidogo?"

"Dogo lipo, ila la bluu limeisha. Limebaki damu ya mzee."

"Naomba nilione."

Akalivaa. Muuzaji akasema, "Hilo limekukaa, dada." Mwanafunzi akajitazama kwenye kioo bila kujibu chochote, kisha akauliza, "Bei gani?"

"Thelathini na tano."

"Nipunguzie, kaka."

"Lete thelathini."

"Ishirini na mbili."

"Aa, dada, hapo hata mtaji haurudi."

"Mwisho ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Niachie kwa ishirini na tano."

Muuzaji akanyamaza kidogo, akachukua mfuko. "Haya, lete."

Kuna mambo kadhaa humo ya kuwaonyesha wanafunzi wako. Alitumia lile, si hili, kwa sababu gauni lilikuwa mbali na wote wawili, na alipolijaribu hakuhitaji tena lile, akasema linanipwaya tu, kwa kuwa liko mwilini. Wageni hushikilia "hii" kwa kila kitu hata kinachoning'inia darini, na muuzaji hujua kinachotakiwa kwa kufuata kidole tu. Hakusema "limenikaa" kabla ya kuuliza bei. Hilo nilimsisitizia mwenyewe, kwa kuwa ukishakiri kwamba nguo imekukaa, nafasi ya kupunguziwa inakuwa finyu. Na "mwisho ngapi" hakuitoa mapema. Lilikuja baada ya pande zote mbili kutaja kiasi, kwa sababu likitangulia, muuzaji hutaja bei iliyo chini kidogo tu ya ile ya kwanza na kuiita mwisho, kisha ni vigumu kumshusha tena. "Niachie kwa" ndiyo ya kufungia. Inamaanisha yuko tayari kulipa kiasi hicho sasa hivi, kwa hiyo asiitamke kama hana nia, maana muuzaji akikubali na mteja akageuka, hapo amemvunjia heshima.

Kama hana nia ya kununua, sentensi ni "Asante kaka, ngoja nizunguke kwanza." Hiyo haimkeri mtu. "Hapana, asante" peke yake, ambayo kwao ni ustaarabu kamili, huku huonekana kama mlango uliofungwa, na ndiyo maana muuzaji huwafuata mtaani akiuliza kosa lake ni nini.

Maneno ya kuitana yanategemea umri. Kaka na dada kwa rika lake, mama au baba kwa mtu mzima, na kwa mwanamke aliyemzidi sana umri aanze na shikamoo, asubiri marahaba, ndipo aseme shida yake. Muuzaji naye atamwita dada, mteja, anti au bosi, na asishtuke.

Kwenye kanga maneno ya saizi hayana kazi. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili visivyokatwa, na anayechagua anatazama rangi halafu jina, yaani yale maandishi ya chini. Swali ni "Doti bei gani?" na "Hii ina jina gani?" Mgeni anayeomba kanga ya eksieli wengine watamcheka, kwa hiyo mwambie mapema.

Jambo la mwisho ni namba, na lifanyie mazoezi ya kusikiliza, si ya kusema. Ona kwamba katika mazungumzo yale hakuna aliyetamka elfu hata mara moja. "Thelathini na tano" ni shilingi 35,000. Anayesubiri neno elfu atadhani ametajiwa mzaha. Vijana husema buku kwa 1,000, kwa hiyo buku nane ni 8,000, na jero ni 500. Noti nyekundu ya 10,000 huitwa msimbazi. Laki ni 100,000. Mimi husimama mbele ya darasa nikiwa nimeshika shati, nikataja bei haraka haraka kama wanavyofanya wauzaji, "kumi na mbili, buku nane, laki na ishirini", na kila mwanafunzi anaandika tarakimu kamili. Wakifikisha 9 kati ya 10, ndipo nawaruhusu waende sokoni na fedha zao.